Namba ya Baba Zuhura

Nywila ya akaunti ya picha za mume wangu ninayo. Marehemu aliiandika kwa penseli yake ya useremala, nyuma ya daftari la madeni ya mbao. Lakini kila nikiiingiza, naambiwa tarakimu 6 zimetumwa kwenye namba yake ya simu. Simu yenyewe iliibiwa siku ya matanga, na mimi akili zilikuwa makaburini. Sikukumbuka kuifuatilia laini.

"Ilishafungwa mama, haikutumika muda mrefu," kijana wa kusajili laini pale Mwanga aliniambia. "Sasa hivi anayo mtu mwingine."

Akaniambia na la pili: akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa, na picha zake zote. Nikahesabu. Ilibaki miezi miwili tu.

Nikaipiga namba ya mume wangu. Ikaita, moyo ukanipasuka. Akapokea kijana.

"Shikamoo mama."

Nikamweleza, nikamwomba anisomee zile tarakimu. Akanyamaza kidogo. "Mama, unisamehe. Namba za hivyo hatumsomei mtu. Ndivyo watu wanavyoibiwa."

Sikumlaumu. Hata mimi ningemkatalia.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Tabora. Isevya."

"Basi usiitupe laini hiyo. Nakuja."

Nauli niliitoa kwenye mtaji wa dagaa. Wiki ile meza yangu Kibirizi ilikaa tupu. Nikapanda treni na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inayonitaja msimamizi wa mirathi, na migebuka mikavu ya kumpa mwenyeji. Mkoba wa vyeti niliupakata usiku kucha.

Isevya kijana alizisoma karatasi moja moja, mama yake ameketi mkekani pembeni. Yule mama ndiye aliyesema, "Msomee mwenzio, baba. Mjane hasafiri na uongo umbali wote huu."

Simu yake ikalia. Akazisoma mbili mbili. Vidole vilinitetemeka, nikakosea, tukaomba nyingine. Mara ya pili ikafunguka.

Zuhura ndani ya karai, povu mpaka masikioni. Bibi yake akichambua dagaa. Mashua mpya kabla ya kushushwa majini, nyuzi za kalafati zikining'inia ubavuni. Nililia hadi yule mama akanishika mabega.

Nyumbani Ujiji, Zuhura alizipitia zote, akarudia. Ana miaka 6. "Mama, mbona baba hayumo?"

Kweli hakuwemo. Mpigaji alikuwa yeye siku zote. Nikatafuta ile ya ufukweni, mimi na tumbo kubwa, nimekunja uso kwa sababu jua linazama ziwani mbele yangu. Nikaikuza, nikamwonyesha chini, mchangani. Kivuli kirefu kimekuja mpaka miguuni pangu, mikono imeinuliwa, na juu ya sikio kimejitokeza kijiti chembamba.

"Hiki nini?" akauliza, amekigusa kwa kidole.

"Penseli yake."

Hakukiondoa kidole.