Jibu: masafa ya imani kutoka picha ya jedwali la maziwa

Habari za jioni, mdogo wangu. Picha nimeipata, nawe unataka masafa ya imani ya tofauti ya maziwa kati ya makundi mawili ya ng'ombe. Jedwali limepigwa kwa upande na kivuli cha mkono wako kimekaa juu ya safu ya pili, kwa hiyo nilianza kwa kuhakiki tarakimu.

Ng'ombe waliopewa pumba na mashudu: idadi 12, wastani lita 9.6 kwa siku, mkengeuko sanifu 2.4. Waliokula majani tu: idadi 15, wastani 7.4, mkengeuko sanifu 1.1 au 1.7, haisomeki. Bahati nzuri safu ya kosa sanifu inaonekana, imeandikwa 0.28. Ukigawa 1.1 kwa kipeuo cha pili cha 15 unapata 0.284, ukigawa 1.7 unapata 0.439. Basi ni 1.1. Kundi la kwanza nalo linakubali: 2.4 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 12 ni 0.69, kama ilivyoandikwa.

Mikengeuko hiyo, mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Usiichanganye kuwa variansi moja. Tumia njia ya Welch.

Tofauti ya wastani ni 9.6 − 7.4 = 2.2. Kila kundi, gawa variansi kwa idadi: 5.76/12 = 0.48, na 1.21/15 = 0.0807. Jumla 0.5607, kipeuo chake cha pili 0.749. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti.

Digrii za uhuru ndipo wengi wanapojichosha:

0.5607² ÷ (0.48²/11 + 0.0807²/14) = 14.7

Siyo 25, yaani 12 + 15 − 2. Kundi lenye kutawanyika sana, tena dogo, ndilo linalobeba karibu kosa lote, na digrii zimeshuka kulifuata. Kwa 14.7, t ni 2.136, hivyo 2.136 × 0.749 = 1.60. Masafa ya asilimia 95 ni lita 0.60 hadi 3.80. Ukisoma jedwali la kitabuni, shuka hadi 14 (t = 2.145) upate 0.59 hadi 3.81.

Njia ya variansi moja ingekupa 0.77 hadi 3.63. Inapendeza kwa kuwa nyembamba, lakini wembamba huo hauna haki.

Kwenye R, `t.test` inataka data ghafi, nawe una muhtasari tu, kwa hiyo andika:

```
w1 <- 2.4^2/12; w2 <- 1.1^2/15
df <- (w1+w2)^2/(w1^2/11 + w2^2/14)
2.2 + c(-1,1)*qt(0.975,df)*sqrt(w1+w2)
```

Kwenye ripoti weka hivi: "Waliopewa nyongeza walizidi kwa wastani wa lita 2.2 kwa siku (masafa ya imani ya asilimia 95: 0.6 hadi 3.8, Welch, digrii za uhuru 14.7)."

Kabla hujaituma, nijibu hili: je, kuna ng'ombe aliyepimwa kwenye makundi yote mawili, kwanza kwa majani kisha kwa pumba? Kama yupo, makundi hayajitegemei na hesabu hii haifai. Nitahitaji daftari lenyewe la vipimo vya kila ng'ombe.