Kilwa nimeiona, Baba

Mikindani, Mtwara
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, Rehema ni mzima, begi la mgongoni limekatika mkanda mmoja lakini fundi viatu wa hapa amelishona kwa shilingi 1,000. Kadi yenye picha ya dhau ndiyo niliyokusudia kuwatumia peke yake. Nimeijaza kwa salamu tu za Bibi, Baba Mdogo na dada, nikaona niongeze karatasi. Baba, najua utaitoboa na kuiweka kwenye faili pamoja na zile nilizoandika nikiwa bweni, kwa hiyo nimejitahidi mwandiko.

Mama, kwanza nikuombe radhi kwa siku mbili za kimya. Simu yangu ilizama. Tulipofika Kilwa Kisiwani maji yalikuwa yamekupwa, mashua haikuweza kusogea hadi ufukweni, tukashuka na kutembea ndani ya maji ya magotini. Nilikuwa nimeichomeka kiunoni kwenye khanga. Niliiweka kwenye mchele usiku mzima, haikuwaka. Namba mliyopigiwa Jumanne ni ya Rehema, na ndiyo ya kunipata hadi nirudi.

Sasa nianze mwanzo. Tuliondoka Mbagala Jumamosi iliyopita alfajiri. Tulipovuka Daraja la Mkapa nilimwamsha Rehema atazame Rufiji, akaniambia yeye amelivuka tangu yuko mgongoni kwa mama yake, nimwache alale. Maji ni mapana na yana rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha Somanga bado kina mafundi na magreda, maana mvua za mwaka huu zilibeba barabara, na gari lilienda polepole sana pale. Kondakta alituahidi kutufikisha Kilwa Masoko, lakini tulipofika njia panda ya Nangurukuru akatuteremsha na mizigo yetu, akasema gari linanyoosha Lindi. Jua lilikuwa linazama. Mama, usishtuke: mama mmoja muuza korosho alituita tukae kwenye benchi lake, akakataa tupande gari lolote ambalo halina wanawake ndani, mpaka ikaja Noah yenye familia ya watu anaowajua. Saa mbili usiku tulikuwa kwa bibi yake Rehema, tunaoga.

Bibi huyo ametulea kama vifaranga. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga na vitumbua, mchana wali wa nazi na changu, usiku mkate wa kumimina. Jioni moja alinipa supu ya pweza, nikainywa yote, akacheka akasema, "Kumbe wabara nanyi mnakula!" Nikamweleza sato wa kwetu anavyochemshwa kwa nyanya na kuliwa na ugali wa muhogo. Hakuamini kwamba kuna ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani na maji yake hayana chumvi. Ameniagiza nimletee maji ya Ziwa Victoria kwenye chupa ayaonje. Nitamletea.

Baba, haya yanayofuata ni yako.

Jumapili tulikata vibali pale Masoko, tukapata mwongozaji na mashua ya tanga. Kutoka gati hadi kisiwani si mbali, unaona ng'ambo waziwazi. Kitu cha kwanza kinachokukabili ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ya kwao mwaka 1505 walipouvamia mji, na hii inayoonekana leo ni kazi ya Waarabu wa Omani baadaye. Wewe ulituambia hivyo hivyo, na ulikuwa ukigonga ubao kwa chaki kila ukitaja mwaka huo. Nilisikia ule mgongano wa chaki kabisa.

Halafu Msikiti Mkuu. Nilidhani nitakuta mawe yaliyoanguka. Baba, umesimama! Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi. Ile kubwa ya kusini, yenye nguzo na kuba, iliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani Hasan bin Sulaiman, ikaja kujengwa upya baadaye. Ukiingia kwenye safu za nguzo unaona tao nyuma ya tao, na mwanga unashuka mahali kuba lilipobomoka. Nilishika ukuta. Ni matumbawe, bado unaona vitundu vya mdudu wa baharini ndani ya jiwe, na chokaa yake nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Watu wale walijenga kwa bahari yenyewe. Hili halikuwa kwenye kitabu chetu, au lilikuwepo nami sikulielewa mpaka nilipoliwekea kiganja.

Tukatembea hadi Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Kuna lile birika la pembe nane. Nilizunguka nikihesabu pande zake moja moja, nikafika nane, nikahesabu tena. Ulituchorea kwa rula ubaoni ukasema, "Hawa walikuwa na nafasi ya kufikiria uzuri." Rafiki zangu wa darasani walikariri dhahabu ya Sofala na Ibn Battuta kufika mwaka 1331 ili wafaulu mtihani. Mimi nilikariri sentensi hiyo. Niliketi ukingoni mwa birika nikalia kidogo, mwongozaji akanipa maji akidhani ni jua.

Miaka 31 umefundisha Kilwa, na hujawahi kuvuka Rufiji isipokuwa ile safari ya JKT. Mwongozaji wetu, kijana wa pale pale kisiwani, aliposikia kwamba baba yangu ni mwalimu wa historia, alisema ukija atakutembeza hata Songo Mnara. Sitaki maneno haya yaishie kwenye barua. Nikianza kazi, nauli ya kwanza ni yako na Mama.

Jumatatu tulikwenda Kilwa Kivinje. Nyumba za zamani za kule zinabomoka na watu wanaishi ndani yake hivyo hivyo, milango ya nakshi imeegemezwa kwa magogo. Tuliona mahali palipokuwa na Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga watu wakati wa Maji Maji. Sikukaa sana. Watoto walikuwa wanacheza mpira karibu na hapo, nami sikujua nitazame wapi.

Jumanne Lindi, kwa mama yake Rehema. Pale nilijifunza jambo ambalo nataka kukuuliza kama uliwahi kulifundisha, kwa sababu silikumbuki. Mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, anayesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi, kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Ni miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mjomba wake Rehema anasema wazee walisimulia juu ya msafara wa mawe mazito yaliyofungwa kwa mianzi. Nimeanza kufikiria hilo liwe somo la utafiti wangu wa mwaka wa tatu: si mjusi, ni wabebaji. Nambie unaonaje.

Na hapa Mikindani tumefika juzi. Mji mdogo umekaa kwenye ghuba tulivu kama bakuli. Boma la Wajerumani la 1895 sasa ni hoteli, tulilitazama kwa nje. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Sisi tumelala nyumba ya wageni yenye chandarua kizima, Mama, nimekikagua kwa tochi.

Sasa mpango, na hapa nawaomba.

Mliniruhusu hadi Mtwara na kurudi. Fedha niliyoanza nayo, akiba ya bumu pamoja na kazi ya kuchapa pale steshenari, ni shilingi 520,000, na hadi leo nimetumia 187,000, kwa kuwa malazi mengi tumepewa. Jumatatu tunarudi Lindi. Mjomba ana mashamba ya chumvi na huu ni msimu wake, tutamsaidia kufungasha hadi tarehe 26 naye atatulipa kidogo. Baada ya hapo natamani tusirudi kwa njia tuliyojia. Tarehe 27 twende Nachingwea, siku mbili. Kisha Masasi, Tunduru hadi Songea, barabara sasa ni lami. Songea nataka kuona Makumbusho ya Maji Maji na mahali Nduna Songea Mbano na wenzake waliponyongwa mwaka 1906, kwa sababu nimeona mwanzo wa vita hivi upande wa pwani na naona vibaya kuishia njiani. Halafu Mbinga na Mbamba Bay, nikaoshe miguu Ziwa Nyasa. Kutoka hapo turudi Songea, tupite Njombe hadi Mbeya, na Mbeya tupande treni ya TAZARA hadi Dar. Tarehe 11 Septemba niwe nyumbani. Sendofu ya dada ni tarehe 14, nami ndiye niliyepewa kushika kapu la zawadi. Hata treni ikichelewa siku nzima, nitafika. Ikionekana itachelewa zaidi, tutapanda basi.

Tutasafiri mchana tu. Kila tutakapolala nitapiga simu kabla ya saa moja usiku. Mama yake Rehema amekubali kwa sharti moja, kwamba ninyi mkubali kwanza. Msipokubali nitarudi Dar tarehe 27 na sitanuna, nawaahidi. Barua hii naituma kwa EMS leo ili iwafikie mapema. Nitakaa karibu na simu ya Rehema jioni ya tarehe 26.

Baba, kuhusu Nachingwea. Kuna ile picha yako ya JKT ukiwa chini ya mwembe, umeshika jembe, shati halina vifungo viwili. Nyuma umeandika "Nachingwea 1984" na jina la mwenzako ambalo wino wake umefutika. Niandikie au nisomee kwenye simu: mwembe ule ulikuwa upande gani wa kambi, na mwenzako alikuwa nani? Ulisema alikuwa mwenyeji wa kule. Kama yupo, ningependa kumsalimia kwa niaba yako.

Mama, nimekununulia korosho kilo mbili, zimekaangwa, na khanga doti moja. Maneno yake sikuambii.

Nawapenda sana.

Binti yenu,
Nyangeta

N.B. Baba, mwongozaji alikuwa mkali sana kuhusu vigae vya kale vilivyotapakaa mchangani: hakuna kuokota hata kimoja. Sikuokota. Nimekuchorea kimoja nyuma ya kadi, cha kijani chenye mstari mweusi, ukubwa wake halisi.