Sababu za Kuchagua Mkabala Mseto: Alama za Jaribio na Ushuhudiaji wa Darasani katika Utafiti wa Ujifunzaji wa Sehemu

Sura ya Tatu: Usanifu wa Utafiti

3.1 Swali linalodai mkabala huu

Utafiti huu unauliza kwa nini wanafunzi wa darasa la tano wanaofundishwa mada ya sehemu kwa muhtasari uleule, na kwa idadi ileile ya vipindi, wanaweza kutofautiana sana katika uelewa wao mada inapokwisha. Swali hili lina pande mbili ambazo haziwezi kujibiwa kwa data za aina moja. Upande wa kwanza unahusu kiasi: ni madarasa yapi yamepiga hatua kubwa kuliko ilivyotarajiwa kutokana na pale yalipoanzia, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Upande wa pili unahusu mchakato: katika vipindi hivyo mwalimu alifanya nini, wanafunzi walifanya nini, na kosa lilipojitokeza lilipokewaje. Jaribio linajibu upande wa kwanza na kunyamaza kuhusu wa pili. Ushuhudiaji unaonyesha wa pili kwa undani, lakini mtu aliyekaa nyuma ya darasa lililochangamka hana njia ya kujua kama uchangamfu huo uliacha maarifa yoyote vichwani mwa watoto.

Tukio moja la utafiti mdogo wa majaribio uliotangulia huu linaeleza jambo hili vizuri kuliko hoja ya kinadharia. Katika darasa mojawapo tulilolitembelea, mwalimu alichora duara ubaoni, akaligawa vipande vitatu visivyolingana, akauliza kama kila kipande ni theluthi. Darasa zima liliitikia “ndiyo” kwa sauti moja, na somo likaendelea. Wiki iliyofuata wanafunzi walewale walifanya rasimu ya jaribio letu, na karibu wote wakapata swali lililowataka watie rangi 1/3 ya umbo. Tulipolirejea swali hilo tuligundua kwamba umbo lilichapishwa likiwa tayari limegawanywa sawasawa. Mtoto alihitaji tu kuhesabu vipande vitatu na kupaka kimoja. Alama ilikuwa sahihi na uelewa haukuwepo. Bila ushuhudiaji, tungeripoti kwamba darasa hilo limeielewa theluthi.

3.2 Kwa nini alama peke yake hazitoshi

Wajumbe wa kamati wanaweza kuuliza kwa nini tusiongeze tu idadi ya wanafunzi na kutegemea takwimu. Jibu limo katika jinsi wanafunzi wanavyopatikana. Sampuli inayopendekezwa ina madarasa 24 yenye wastani wa wanafunzi 40, yaani wanafunzi wapatao 960. Hata hivyo, wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile na saa zilezile za kujifunza, hivyo alama zao hufanana kuliko alama za wanafunzi waliochaguliwa mmojammoja. Tukichukulia kwamba ufanano wa ndani ya darasa ni 0.20, athari ya usanifu, yaani namba inayoonyesha ni mara ngapi ufanano huo unapunguza taarifa ya sampuli, ni:

1 + (40 − 1) × 0.20 = 8.8

Maana yake ni kwamba wanafunzi 960 wanabeba taarifa inayokaribiana na ya wanafunzi 109 tu walio huru. Na kwa jambo lolote linalotokea katika ngazi ya darasa, kama vile namna mwalimu anavyouliza maswali, idadi halisi ya vipimo vyetu ni 24. Kuingiza vigezo kumi vya ufundishaji katika modeli yenye madarasa 24 ni kutafuta majibu ya bahati nasibu. Tunapendelea kutumia takwimu kwa kazi inayoiweza, yaani kupima ukubwa wa tofauti kati ya madarasa, na kuiachia data ya darasani kazi ya kuonyesha jinsi tofauti hizo zinavyoweza kujengeka.

Zaidi ya hapo, jibu lisilo sahihi lina historia. Mwanafunzi anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 hakubahatisha; amejumlisha viasi peke yake na asili peke yake, akitumia kanuni ya namba nzima mahali isipofanya kazi. Anayesema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3 anafuata mantiki hiyohiyo. Jaribio linaweza kuhesabu makosa haya, na letu limetungwa kwa makusudi hayo, lakini haliwezi kuonyesha kama kosa liliwahi kujitokeza darasani, likasikika, na likafanyiwa kazi au likafutwa tu ubaoni.

3.3 Kwa nini ushuhudiaji peke yake hautoshi

Mashuhuda huona kile wanachotarajia kukiona. Anayeamini kwamba kazi za vikundi ni ishara ya ufundishaji bora ataandika mengi kuhusu vikundi na machache kuhusu mwalimu anayefundisha darasa zima kwa mpangilio makini. Alama za jaribio, zilizosahihishwa na watu wasiojua ni darasa lipi, zinatupa kipimo kinachoweza kutukanusha, na utafiti usio na kitu cha kuukanusha hauna nguvu ya kuushawishi uongozi wa elimu wala walimu wenyewe. Pia kuna suala la mwenendo kubadilika mbele ya mgeni. Ziara ya kwanza katika kila darasa haitaingizwa katika uchambuzi. Lengo lake ni mwalimu na wanafunzi kumzoea shuhuda.

3.4 Muundo uliochaguliwa

Muundo unaotumiwa mara nyingi katika tafiti za aina hii ni ule wa kufuatanisha, ambapo jaribio hutangulia na data za kimaelezo hufuata ili kueleza matokeo. Tuliufikiria kwa makini na kuuacha. Kama tungesubiri matokeo ya jaribio la mwisho ndipo tuchague madarasa ya kushuhudia, mada ya sehemu ingekuwa imekwisha, nasi tungebaki kuangalia vipindi vya mada nyingine huku tukidai kueleza matokeo ya sehemu. Kwa sababu hiyo data za aina zote mbili zitakusanywa sambamba katika madarasa yote 24, kisha utafuata ufuatiliaji mfupi katika madarasa sita.

Jaribio la awali litafanyika wiki moja kabla ya mada kuanza, na jaribio la mwisho wiki moja baada ya mada kumalizika. Lina maswali 30: manane ya kulinganisha sehemu, manane ya sehemu zilizo sawa kithamani, manane ya kujumlisha na kutoa, na sita ya mafumbo. Kutokana na tukio lililosimuliwa hapo juu, maswali ya maumbo sasa yana michoro iliyogawanywa bila kulingana, na mwanafunzi anatakiwa kueleza kwa sentensi moja kwa nini kipande fulani ni theluthi au si theluthi.

Katikati ya majaribio hayo kila darasa litatembelewa mara tano, na ziara nne ndizo zitakazochambuliwa, yaani jumla ya vipindi 96 vya dakika 40. Kila dakika shuhuda ataweka alama moja katika jedwali kuonyesha nani anazungumza na kwa lengo gani, na hivyo tutapata vipimo 3,840. Sambamba na jedwali ataandika maelezo huru kuhusu kila kosa la mwanafunzi lililosikika wazi: lilisemwaje, mwalimu alisubiri muda gani kabla ya kuingilia, na kilifuata nini. Muda wa kusubiri tunauzingatia kwa sababu maalumu. Kazi za Mary Budd Rowe katika miaka ya 1970 zilionyesha kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na kuwa na hoja zaidi. Ni jambo dogo ambalo jaribio lolote la maandishi haliwezi kulinasa.

Robo ya vipindi, yaani 24, itashuhudiwa na watu wawili wasioshauriana. Makubaliano yao yatapimwa kwa kappa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano yanayotokana na bahati, badala ya asilimia tupu, kwa kuwa asilimia hudanganya: mashuhuda wanaokubaliana katika 0.80 ya dakika zote, ilhali bahati peke yake ingewapa 0.50, wana kappa ya (0.80 − 0.50) / (1 − 0.50) = 0.60. Hakuna shuhuda atakayeingia darasani kabla ya kufikisha 0.70 katika mafunzo ya video. Mashuhuda pia hawataonyeshwa matokeo ya jaribio la awali.

3.5 Mahali data zinapokutana

Mwaka 1989 Greene, Caracelli na Graham walibainisha makusudi matano ya kuchanganya mikabala. Utafiti huu unadai matatu tu kati ya hayo: kukamilishana, kwa maana kwamba kila data inajaza pengo la nyingine, kuendeleza, kama ushuhudiaji ulivyolirekebisha jaribio, na kuibua maswali pale data zinapokinzana. Kusudi la kuthibitisha hatulidai, kwa sababu alama na mwenendo wa darasani ni vitu viwili tofauti, na kukubaliana kwake si ushahidi kwamba kimojawapo kimepimwa kwa usahihi.

Kukutana huko kutafanyika katika jedwali unganishi lenye safu moja kwa kila darasa. Upande mmoja utaonyesha tofauti kati ya wastani wa darasa na wastani uliotabiriwa na modeli ya ngazi mbili, yaani ya mwanafunzi na ya darasa, kutokana na jaribio la awali, ikitenganishwa kwa kila kundi la maswali. Upande wa pili utaonyesha mgawanyo wa dakika na muhtasari wa namna makosa yalivyoshughulikiwa. Muhtasari huo utaandikwa na kufungwa kabla ya jaribio la mwisho kusahihishwa, ili maelezo yasije yakapindwa kufuata alama.

Madarasa sita ya ufuatiliaji yatachaguliwa kutoka katika jedwali hilo: mawili ambayo data zake zinakubaliana, na manne ambayo zinakinzana. Tumeyapa madarasa yenye data zinazokinzana uzito kwa makusudi. Darasa ambalo makosa yalijadiliwa kwa kina lakini alama hazikupanda, au darasa lililoimba majibu kwa pamoja lakini likafanya vizuri katika maswali ya kueleza, ndilo litakalotuambia jambo ambalo hatukulijua. Walimu wa madarasa hayo sita watasomewa dondoo za vipindi vyao wenyewe na kuombwa waeleze walikuwa wakifikiria nini wakati huo.

3.6 Mipaka na wajibu

Muundo huu hauthibitishi kwamba namna fulani ya kufundisha ndiyo iliyosababisha alama kupanda, kwa kuwa walimu hawakugawanywa kwa kura. Aidha, madarasa yaliyoanza na alama za chini kabisa huelekea kusogea kwenye wastani hata bila sababu ya kiufundishaji, na hiyo ndiyo sababu tunatumia tofauti kati ya wastani wa darasa na matarajio ya modeli badala ya ongezeko ghafi la alama.

Kuunganisha alama na jina la mwalimu kunaunda taarifa inayoweza kumdhuru. Orodha inayounganisha namba za siri na majina itahifadhiwa na mtafiti mkuu peke yake na kuharibiwa mara mahojiano ya madarasa sita yatakapokamilika. Mkuu wa shule hatapewa matokeo ya darasa lolote mojamoja, na sharti hili litaandikwa katika fomu ya ridhaa ambayo mkuu wa shule na mwalimu wataisaini kabla ya ziara ya kwanza.