Mpango wa chakula cha Baba: supu zibaki, chumvi na maji vipimwe

Wifi yangu, assalamu alaykum. Nimekaa na daktari wake, nikauliza yote tuliyokuwa tukibishana jikoni. Mpango ndio huu. Ubandike karibu na jiko, na nakala nyingine mpe kijana anayelala na Baba.

Moyo wake haupigi kwa nguvu inayotakiwa, kwa hiyo maji hayatoki mwilini kama zamani. Chumvi huyashika maji hayo yakabaki. Yakizidi hushuka miguuni na kupanda mapafuni. Ndiyo maana ile wiki aliyoletewa bakuli za supu ya vidonge vya mchuzi, siku mbili mfululizo, makubadhi yake yalikataa kuingia na usiku akawa analala ameketi. Aliyeleta alileta kwa mapenzi, na wala sisi hatukujua. Kidonge kimoja cha aina hiyo, sehemu kubwa yake ni chumvi.

Daktari amempa vipimo viwili. Sodiamu isizidi miligramu 2,000 kwa siku, na vinywaji vyote pamoja visizidi lita moja na nusu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kina sodiamu kama miligramu 2,300, yaani tayari kimepita. Na samaki, maziwa na mkate vina chumvi yake pia. Kwa hiyo chumvi ya kuongeza kwa Baba ni nusu kijiko cha chai, siku nzima. Kila asubuhi itie kwenye kile kikopo kidogo cha iliki. Ikiisha, imeisha. Chungu cha nyumba pika bila chumvi, kila mtu ajitilie mezani.

Maji tuyapime hivi: jaza chupa ya lita moja na nusu alfajiri. Kila anapokunywa kitu, chai, supu, uji, hata barafu anayoinyonya, mimina kiasi hicho hicho kutoka chupani ukayatumie kwingine. Chupa ikiwa tupu, siku yake imefungwa. Maji ya kisima cha uani yana chumvi. Yake, ya kunywa na ya kupikia, yawe ya kununua.

Siku yake iende hivi:

Asubuhi, saa 1: chai ya tangawizi yenye maziwa kidogo, mililita 200. Maji ya dawa 100. Mahamri 2 ya nyumbani, au mkate wa mofa, au yai la kuchemsha na kiazi kitamu. Mkate wa dukani na siagi ya kopo vina chumvi. Visiwe vya kila siku.

Saa 4: kipande cha papai. Maji 150.

Mchana, saa 7: wali kikombe kimoja, samaki mbichi wa kuchoma au kupaka ukubwa wa kiganja, mchicha au bamia, mchuzi 100, maji 200. Tui liwe jepesi. Mara 2 kwa wiki linatosha.

Alasiri: kahawa vifinjani 2, kama mililita 100 kwa jumla. Hiyo usimnyime, barazani bila kahawa ataona ametengwa.

Magharibi: supu yake, 250, na mkate wa mofa au muhogo. Baadaye maji 150.

Usiku: maji ya dawa 100.

Jumla ni 1,350. Zile 150 zilizobaki ni akiba ya kiu. Wakati wa kaskazi utaziona zinavyokimbia. Kiu ikimsumbua asukutue kinywa na kutema, au anyonye kipande cha ndimu.

Sasa supu, maana najua ndipo vita vilipo. Baba alisema bila supu ya magharibi hajala. Mimi sikubali anyimwe. Akinyimwa ataitafuta nje, na ya nje hatuipimi. Tumpe bakuli dogo, zito, lenye ladha kali, analotafuna zaidi ya kunywa.

Ya mbuzi: chukua mifupa yenye nyama, nusu kilo, iwe ya siku 2. Kaanga vitunguu 2 kwa mafuta kidogo hadi viwe vya hudhurungi, usivikimbilie, dakika 15 au 20. Hapo ndipo utamu unapozaliwa bila chumvi. Tia thomu punje 6, tangawizi ya kidole kimoja, nyanya mbichi 2, mbegu za dania na bizari nyembamba ulizozikaanga kavu ukaziponda. Tia nyama na maji ya kuifunika tu. Chemsha kwa moto mdogo hadi nyama iachie mfupa. Engua mafuta ya juu. Ponda vipande 3 vya muhogo uliochemka, urudishe humo. Ikiiva, pakua bakuli la Baba kwanza, halafu ndipo utie chumvi, robo ya ile nusu kijiko, juu ya bakuli. Usiitie chunguni. Ikikaa juu ulimi unaikuta mwanzo, na kidogo kinatosha. Malizia na ndimu nusu na pilipili manga. Nilijaribu kwangu Malindi, mume wangu akaomba tena bila kujua.

Ya pweza: pweza ametoka baharini na chumvi yake, kwa hiyo mtwange, mwoshe vizuri kwa maji baridi, umchemshe dakika 10 na umwage yale maji ya zambarau. Kisha upike upya kwa ukwaju, thomu, pilipili mbichi na majani ya dania. Chumvi usiongeze hata chembe. Mara moja kwa wiki tu, nyama ukubwa wa kiganja.

Siku nyingine supu ya changu mbichi kwa embe bichi, au ya dengu iliyopondwa. Kunde na mbaazi zilowekwe usiku kucha, usitie magadi, nayo ni sodiamu.

Visiingie kabisa kwenye chakula chake: papa mkavu na ng'onda, achari, vidonge na unga wa mchuzi, soseji, bajia za barabarani. Na tafadhali usinunue chumvi mbadala, ile wanayosema ni ya wagonjwa. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na miongoni mwa dawa zake kuna spironolaktoni, ambayo tayari huizuia potasiamu isitoke. Ikizidi inaharibu mapigo ya moyo. Madafu ni hivyo hivyo, yamejaa potasiamu.

Wiki za kwanza atalalamika kwamba chakula kimepooza. Mvumilie. Ulimi hujizoesha baada ya wiki chache, na akija kuonja cha zamani atakiona ni kama maji ya bahari.

Kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, apande mzani na nguo nyepesi. Siku aliyotoka hospitali alikuwa kilo 61. Akiongeza kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, au miguu ikivimba zaidi, mpigie daktari siku hiyo hiyo, kisha nipigie mimi. Akishindwa kupumua akilala, au kukohoa kukamzuia usingizi, usisubiri kupambazuke, mpelekeni hospitali. Dawa asipunguze wala kuongeza kwa sababu anajisikia vizuri. Na kuhusu kufunga Ramadhani, aulize daktari mapema, asiamue barazani.

Uzito uandike kwenye daftari la bluu, tarehe na kilo. Kila Ijumaa nipigie picha ya ukurasa huo, niuone.