Barua ya Kuwasilisha Zabuni ya Huduma za Bima kwa Chuo Kikuu cha Umma

12 Machi 2025

Katibu wa Bodi ya Zabuni,
Ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Ndugu Katibu,

YAH: ZABUNI NA. 14 YA BIMA YA MALI, MAGARI, DHIMA NA AJALI ZA WAFANYAKAZI, 1 JULAI 2025 HADI 30 JUNI 2026

Tunawasilisha zabuni yetu ya makundi yote manne ya bima yaliyotajwa katika tangazo lenu. Bahasha ya kiufundi na bahasha ya bei zimefungwa kando, kila moja ikiwa na nakala halisi 1 na nakala 3. Dhamana ya zabuni, leseni ya biashara ya bima na hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 zimo katika bahasha ya kiufundi. Bei zetu zitabaki kama zilivyo kwa siku 90 tangu siku ya kufungua zabuni.

Tunaomba Kamati ya Tathmini ianze na thamani za mali. Jedwali mlilotupatia lina majengo 41, na kwa 17 kati ya hayo thamani iliyoandikwa ni ya vitabu vya hesabu baada ya uchakavu, si gharama ya kujenga upya. Pengo hilo linaumiza siku ya hasara. Jengo la kujengwa upya kwa 100 likiwa limekatiwa 60, moto ukaleta hasara ya 20, malipo yatakuwa 12, maana kila hasara hulipwa kwa uwiano huohuo. Nane zinazobaki Chuo kitazitafuta chenyewe. Kwa hiyo tutamleta mthamini majengo kwa gharama zetu ndani ya siku 45 za mwanzo. Katika muda huo hatutatumia kanuni ya uwiano kwa majengo hayo 17, na sharti hilo limeandikwa katika rasimu ya hati ya bima, ukurasa wa 6. Ada itarekebishwa mthamini atakapomaliza, kwa viwango vilevile vilivyomo katika jedwali la bei.

Upande wa madai, Chuo kitakuwa na afisa mmoja wa kushughulika naye, mwenye mamlaka ya kuidhinisha madai madogo bila kusubiri makao makuu. Taarifa ikitufikia, namba ya dai hutolewa siku hiyohiyo na mtathmini wa hasara hufika ndani ya saa 48; kwa moto au mafuriko, ndani ya saa 24. Ripoti yake ikikamilika na Chuo kikasaini hati ya kukubali malipo, fedha huingia katika akaunti ndani ya siku 10 za kazi. Kwa hasara kubwa ambayo dhima yetu haina ubishi, tutatanguliza hadi asilimia 50 ya makadirio ya mtathmini, ili maabara na mabweni yasikae yamefungwa wakati hesabu za mwisho zikiendelea.

Madai mengi ya magari hukwama kwa sababu zinazoweza kuzuilika: gari limetengenezwa kabla ya kukaguliwa, leseni ya dereva imeisha muda, ripoti ya polisi haijaombwa, au gari jipya halikuorodheshwa. Kwa hili la mwisho tumeweka kinga ya moja kwa moja ya siku 30 kwa kila gari litakalonunuliwa, mradi tuarifiwe kabla siku hizo hazijaisha. Kwa hayo mengine, tutawafundisha maafisa usafirishaji na madereva wote wa magari yenu 64 katika kila kampasi kabla ya mwisho wa Agosti, na kila gari litabeba karatasi moja ya hatua za kufuata baada ya ajali.

Mikataba yetu ya bima mtawanyo, yaani bima tunayokata sisi kwa kampuni nyingine ili zibebe sehemu ya hatari, inatosheleza thamani ya kampasi kuu yote, ambayo ndiyo mkusanyiko mkubwa wa hatari. Barua za uthibitisho za kampuni zinazobeba sehemu hiyo zimeambatishwa. Tunawasihi mdai barua za namna hii kwa kila mzabuni, kwa kuwa ada ndogo isiyo na bima mtawanyo nyuma yake huacha hasara kubwa bila mlipaji.

Tunasema wazi pia kile ambacho hati yetu haitalipa: uchakavu wa kawaida, kutu, na uharibifu wa mitambo uliotokana na kutofanyiwa matengenezo. Jenereta na vifaa vya maabara vinaweza kuongezewa bima ya kuharibika kwa mitambo. Bei yake tumeionyesha kando, na haimo katika jumla ya zabuni.

Kila robo mwaka mtapata ripoti ya madai yaliyolipwa, yanayosubiri na yaliyokataliwa, pamoja na sababu ya kila moja. Meneja wetu wa Madai atakuwepo siku ya kufungua zabuni, na yuko tayari kujibu maswali ya Kamati kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi.

Wako katika kazi,

Mkurugenzi Mtendaji
Kwa niaba ya Kampuni ya Bima

Viambatisho: kama vilivyoorodheshwa katika ukurasa wa kwanza wa bahasha ya kiufundi.