Kaze, Tabora na matobolwa: skripti ya kipindi cha Jumamosi asubuhi

(Muziki wa kufungulia, sekunde kumi na tano, halafu unashushwa chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Mwangaluka! Mwangaluka wasikilizaji wa Isevya, Kanyenye, Cheyo, Ng'ambo, na nyie wa Ipuli mnaodai redio haifiki vizuri huko kwenu, leo tumeongeza sauti so msilalamike. Wiki iliyopita nilisema tutaongelea jina la mji wetu, Tabora, limetoka wapi, na simu yangu haijapoa toka siku hiyo, kila mtu ana babu yake aliyemwambia ukweli. Sasa leo tunakaa chini tunatenganisha: kipi kimeandikwa na watu waliofika hapa wenyewe, na kipi tunapokezana tu barazani. Jana nilishuka sokoni na kinasa sauti, kwanza msikilize huyu mama.

(Sauti za sokoni. Mtu anagonga kitu kigumu kwenye ungo.)

MAMA WA SOKONI: Unasikia huo mlio? Hayo ndo matobolwa. Unachemsha viazi vitamu vikiwa vizima, vikiiva unamenya, unakata vipande, unaanika juani mpaka vinakuwa hivi, kama kuni. Sio michembe mwanangu, usichanganye, michembe unaikata mbichi. Wewe mtu wa redio na unachanganya?

MTANGAZAJI: Shikamoo mama, nisamehe, nimekulia kwenye mkate. Na jina la mji je?

MAMA WA SOKONI: Jina si ndo hilo hilo! Mjerumani alikuja akamkuta bibi anaanika, akamuuliza hapa panaitwaje, bibi akajua anaulizwa anaanika nini, akajibu matobolwa. Mzungu akaandika Tabora. Basi.

(Kicheko cha watu wawili watatu nyuma. Sauti za sokoni zinafifia.)

MTANGAZAJI: Basi, anasema mama, kesi imefungwa. Na nyie wengi mlionipigia mmenisimulia hivo hivo, wengine badala ya Mjerumani wanaweka Mwarabu, wengine wanasema tu "mgeni". Hiyo tofauti ndogo ya nani aliuliza ishikilieni maana ndo itakayoamua kesi.

Twende kwenye maandishi sasa. Mwaka 1857, tarehe 7 Novemba, waliingia hapa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, siku ya 134 tangu watoke pwani. Siku 134 jamani, na sisi basi likichelewa Nzega tunatukana. Burton aliandika kila kitu mpaka unachoka, nani anauza nini, nyumba zimejengwaje, nani kamkaribisha, na aliyemkaribisha alikuwa mfanyabiashara Mwarabu anaitwa Snay bin Amir. Mahali alipofikia anapaita Kaze, kwa maandishi yao Kazeh. Anasema ndo bandari kuu ya huku, bandari bila maji, yani pale misafara inapofungua mizigo, wapagazi wanalipwa, na mwingine anakamata njia ya Ujiji, mwingine ya Karagwe. Anaeleza pia kwamba kama mwaka 1852 hivi huyo Snay pamoja na Mhindi mmoja, Musa Mzuri, walikuta pametupu wakajenga, wakachimba visima, watu wakajaa. Eneo lote kwa ujumla likiitwa Unyanyembe, na hilo jina mpaka leo tunalo. Speke akarudi tena 1861 safari hii na Mwingereza mwenzake James Grant, na bado Speke anasema Kaze.

Halafu 1871 anakuja Henry Morton Stanley, yule aliyekuwa anamtafuta Livingstone. Yeye anafikia Kwihara, pale kwenye tembe mnapopeleka wageni wenu kupiga picha, na mji wa Waarabu pale jirani anauitaje? Tabora. Anaandika kabisa kwamba ndo makazi makubwa ya Waarabu Afrika ya kati, nyumba na matembe zaidi ya 1,000, watu anakadiria 5,000. Na mwezi Agosti mwaka huo huo Mtemi Mirambo akauvamia mji akachoma sehemu yake, Stanley anausimulia moto wenyewe akiwa Kwihara hapo.

(Ngoma, sekunde tano.)

Sasa hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Stanley ameandika Tabora mwaka 1871. Wajerumani walipandisha bendera yao hapa lini? 1890, kwa mkono wa Emin Pasha aliyekuwa anawafanyia kazi, na hata baada ya hapo Mtemi Isike aliwapinga mpaka 1893. Kwa hiyo huyo Mjerumani aliyemuuliza bibi jina la mji alikuwa amechelewa miaka 19, jina lilishakuwa kitabuni. Walichofanya Wajerumani ni kuligandisha, reli ikafika hapa 1912, likaandikwa kwenye stesheni, ratiba, tiketi, na ukishachapwa kwenye tiketi ya treni we tena huna ubishi.

Mama yangu wa sokoni naomba usizime redio, sijamaliza! Mjerumani ndo kaanguka, viazi bado vipo. Nilienda Isevya kwa mzee mmoja ambaye yeye hadithi yake haina Mzungu kabisa.

MZEE WA ISEVYA: Wapagazi walitembea miezi mpaka pwani. Utabeba ugali? Utachacha. Utabeba matobolwa, unatafuna njiani na karanga, unakunywa maji, yanajaa tumboni. Kwa hiyo mtu anasema nakwenda kule kwenye matobolwa, kununua chakula cha safari. Mgeni anasikia hilo neno kila siku. Mimi niliambiwa hivyo.

MTANGAZAJI: "Niliambiwa hivyo," nampenda mzee kwa hilo, hakusema nimesoma. Ni simulizi, tuiite simulizi. Ila ukiniuliza mimi, ya mzee inakaa kuliko ya mama, kwanza haigongani na mwaka wowote, pili haihitaji bibi asiyeelewa swali. Maana huyo bibi, jamani, yupo kila mji! Nenda mji wowote nchi hii kuna mgeni aliuliza kitu na mwenyeji akajibu kingine, nikisikia hadithi ya namna hiyo nashika pochi yangu. Kwenye sauti zenyewe, toa "ma" ya wingi unabaki na tobolwa, l kuwa r hapo sina shida, sisi wenyewe humu ndani nusu yetu tunasema "kura chakura", lakini o ya mwanzo imekuwaje a, na ile w imeenda wapi? Hapo mzee alicheka akanikaribisha chai, na kwenye sahani mnajua kulikuwa na nini. Yale magumu unaloweka kwenye chai moto kwanza, usipoloweka jino linabaki hapo.

Kwa hiyo daftari la leo linasomeka hivi, Kaze 1857, Tabora 1871, hayo yameandikwa na waliofika. Viazi ni vya baraza. Mjerumani arudi kwao.

Laini ziko wazi sasa, na kabla sijapokea wa kwanza niwaambie Jumamosi ijayo tunahamia Urambo, jina ambalo halina ubishi maana Mirambo yumo humo humo ndani. Haya, nani yuko hewani? Haloo?

SAUTI YA SIMU: Haloo, mimi napiga toka sokoni, ni yule mama. Wewe si umesema umekulia kwenye mkate, njoo uchukue hiyo michembe kilo mbili nikufundishe.

(Muziki wa kufungia.)