Ilani kwa Wazazi na Walezi: Njia Mpya ya Kuingia Katika Tovuti ya Shule

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Kisauni, Mombasa
Jumatatu, 4 Mei 2026

Kwa wazazi na walezi wote wa Gredi ya 1 hadi ya 9,

Salaam nyingi kutoka shuleni. Kuanzia Jumatatu, 11 Mei 2026, tovuti ya wazazi itakuwa na njia mpya ya kuingilia. Hutatumia tena nambari ya usajili ya mwanafunzi na tarehe yake ya kuzaliwa. Utaingia kwa nambari yako mwenyewe ya simu pamoja na pini ya tarakimu sita utakayojichagulia. Njia ya zamani itaendelea kufanya kazi hadi Ijumaa, 22 Mei, saa sita usiku, kisha itafungwa. Tafadhali usingoje siku hiyo. Wiki inayofuata tunatarajia Idi ya Mfungo Tatu, wengi mtakuwa safarini au mna wageni, na laini ya msaada itakuwa na foleni.

Yaliyomo ndani ya tovuti hayabadiliki. Salio la karo, mahudhurio, ripoti za matokeo na ujumbe wa walimu, vyote utavikuta palepale. Anwani ya tovuti pia ni ile ile iliyochapishwa nyuma ya kadi ya mwanafunzi.

Kwa nini tunabadilisha

Chukua daftari lolote la mtoto wako ulitazame. Kwenye jalada, chini ya jina, imeandikwa nambari ya usajili. Tarehe ya kuzaliwa nayo inajulikana na kila anayekaa naye dawati moja. Kwa mambo hayo mawili tu, mtu yeyote angeweza kufungua ukurasa wa mtoto na kusoma karo anayodaiwa, maelezo ya afya yake, nambari za simu za jamaa zake na mtaa anaoishi. Hayo si ya kusomwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mtoto aliyeachwa mikononi mwetu kutwa nzima anastahili siri zake zitunzwe.

Kwa hiyo akaunti sasa ni ya mzazi, si ya mwanafunzi. Mwenye watoto watatu hapa shuleni ataingia mara moja na kuwaona wote watatu.

Kabla ya kuanza

Hakikisha laini yako ndiyo tuliyo nayo kwenye fomu ya mwanafunzi. Njia rahisi ya kujua: ikiwa ulipata ujumbe wetu wa kufungua muhula huu wa pili kwenye laini hiyo, basi ndiyo. Kama hukuupata, au umebadilisha laini, fika ofisini na kitambulisho chako cha taifa au pasipoti turekebishe. Hatubadilishi nambari kwa kupigiwa simu, hata tukiijua sauti yako, kwa sababu kuanzia sasa nambari hiyo ndiyo ufunguo wa taarifa za mtoto.

Mlio na laini mbili kwenye simu moja, angalieni ile iliyoandikishwa iwe imewashwa.

Hatua za kuingia mara ya kwanza

1. Fungua tovuti kwa kuandika anwani iliyo nyuma ya kadi ya mwanafunzi. Iandike mwenyewe, herufi kwa herufi. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwenye ujumbe au kwenye kundi la wazazi, hata kama aliyekituma ni mtu unayemwamini, maana naye huenda ametumiwa tu.

2. Bonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa Mara ya Kwanza.

3. Andika nambari yako ya simu kwa kuanzia na 254, bila sifuri ya mwanzo. Nambari inayoanza na 07 itaanza na 2547, na ya 01 itaanza na 2541. Hapa ndipo wengi watakapokwama, kwa sababu vidole vimeshazoea sifuri. Tovuti ikikuambia Nambari haipatikani, angalia kwanza kama hukuiacha sifuri hiyo katikati.

4. Subiri ujumbe mfupi wenye nambari ya uthibitisho ya tarakimu sita. Jina la mtumaji litasomeka SHULEYETU. Nambari hiyo inafanya kazi kwa dakika 10 tu, na ukishaitumia haifai tena. Ikichelewa, usibonyeze Tuma Tena mara nyingi mfululizo: kila nambari mpya inaifuta iliyotangulia, na jumbe zikifika kwa pamoja hutajua ipi ndiyo hai. Subiri dakika mbili, kisha bonyeza mara moja. Kupokea ujumbe huu hakukatwi pesa.

5. Tovuti itakuomba nambari ya usajili ya mtoto mmoja. Hii ni mara hii tu, ili kuthibitisha kwamba mtoto na mzazi wanalingana.

6. Chagua pini yako ya tarakimu sita na uiandike mara mbili. Isiwe tarehe yako ya kuzaliwa, isiwe 123456, wala isifanane na pini ya M-Pesa. Pini ya pesa ibaki ya pesa.

7. Utaona majina ya watoto wako. Yasome yote. Kama mtoto mmoja hayupo, au kuna jina la mtoto usiyemjua, usilifungue. Toka kwenye tovuti na utupigie siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, siku zote utahitaji nambari ya simu na pini tu. Nambari ya uthibitisho utaombwa tena pale utakapotumia simu nyingine au kompyuta mpya. Ukikosea pini mara tatu, akaunti itajifunga kwa dakika 30 kisha itafunguka yenyewe. Aliyeisahau abonyeze Nimesahau Pini aanze upya kuanzia hatua ya nne.

Wasio na simu janja, na walio mbali

Hakuna mzazi atakayekosa habari za mtoto wake kwa sababu anatumia kabambe. Salio la karo na taarifa za dharura zitaendelea kuja kwa ujumbe mfupi kama kawaida, na ripoti ya matokeo utaipata kwa karatasi mwisho wa muhula. Jiandikishe tu kwa katibu wa shule.

Ukienda saiba, ingia mwenyewe. Usimpe kijana wa saiba pini akuandikie, hata kama una haraka. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi pini, kataa. Ukimaliza, bonyeza Toka kabla ya kuinuka kitini. Tovuti itajifunga yenyewe baada ya dakika 15 bila kuguswa, lakini dakika 15 ni nyingi kwa anayekaa kiti hicho baada yako.

Tunajua wengi wenu mko Saudia, Oman, Katari na kwingineko, na mtoto analelewa na bibi au shangazi hapa nyumbani. Kila mzazi au mlezi aliyeandikwa kwenye fomu ya mwanafunzi ana haki ya akaunti yake mwenyewe, kwa laini yake mwenyewe. Mama aliye Jida ataingia kwa nambari inayoanza na 966, na bibi aliye Likoni kwa ya 254, na wote wawili watamwona mtoto yuleyule. Hakuna haja ya kutumiana nambari za uthibitisho usiku wa manane. Aliye ng'ambo na nambari yake haimo kwenye fomu, mlezi aliye hapa alete barua iliyotiwa saini pamoja na nakala ya pasipoti ya mzazi huyo, nasi tutampigia kwa picha kabla ya kuiingiza.

Ikiwa kuna amri ya mahakama kuhusu malezi ya mtoto, au jambo la kifamilia linalofanya usitake mtu fulani aone taarifa zake, tafadhali njoo uonane nami ana kwa ana kabla ya tarehe 11. Mazungumzo hayo yatabaki ofisini.

Jihadharini na matapeli

Kila mabadiliko ya namna hii huwavuta watu wabaya. Shikeni haya: hakuna mwalimu, katibu wala mhudumu wa laini ya msaada atakayekuuliza pini yako au nambari ya uthibitisho. Anayeiuliza si wetu, hata akitaja jina la mtoto, darasa lake na mwalimu wake. Kata simu, kisha utupigie sisi.

Njia mpya ya kuingia haina malipo yoyote, na nambari ya kulipia karo haijabadilika. Ni ile iliyo kwenye barua yako ya karo yenye muhuri. Ukipata ujumbe kwamba shule ina nambari mpya ya malipo, usitume hata shilingi kabla ya kuthibitisha kwetu.

Simu ikipotea au kuibwa, tupigie mara moja tuifunge akaunti, hata kabla hujaenda kurudisha laini. Na tunakuomba pia usimpe mtoto pini yako. Mtoto mwenye pini ya mzazi anaweza kujiandikia ruhusa ya kutokuja shule, na sisi tutaamini ni wewe.

Laini ya msaada

Piga 041 555 0142. Walio nje ya nchi wapige +254 41 555 0142. Ni simu ya mezani, kwa hiyo haipokei ujumbe wa maandishi.

Jumatatu hadi Alhamisi: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.
Ijumaa: saa hizo hizo, ila tunafunga saa sita na nusu mchana hadi saa nane kwa ajili ya sala.
Jumamosi: saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana.

Unapopiga, uwe na nambari ya usajili ya mtoto karibu, na utusomee maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo. Hilo linatusaidia kukujibu upesi kuliko kusema tu tovuti imekataa.

Jumamosi, 16 Mei, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, walimu wanne watakaa kwenye ukumbi wa chakula kumsaidia kila atakayefika na simu yake. Waifai itakuwapo bila malipo, kwa hiyo huhitaji bando. Njoo na kitambulisho. Mabibi na mababu watahudumiwa kwanza, na ambaye hawezi kupanda ngazi amwambie askari wa lango, mwalimu atashuka amfuate.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu